Dhiil Iliyorudi Bulla Pesa

11 Februari 2025

Naimo wangu,

Salaam aleikum wewe na nyumba yote ya Bulla Pesa. Keti kwanza. Umeketi? Wamekubali.

Nimetoka kwenye kikao cha baraza la mji sasa hivi na naandika kwa haraka, kwa hivyo ukiona makosa usinicheke. Madiwani wa huku Uingereza wamepiga kura kwamba dhiil ya nyanyako iondolewe kabisa kwenye mali ya makumbusho na irudi Isiolo. Si kuazimwa, ni kurudishwa. Uliwahi kuniuliza mbona makumbusho makubwa ya taifa hayarudishi kitu, yanawaazima tu wenyewe vitu vyao wenyewe. Ni kwa sababu kuna sheria ya bunge inayoyafunga mikono. Haya yetu, ninakofanya kazi, ni ya mji, sheria ile haiyagusi, na kilichotakiwa ni ushahidi na kura. Ushahidi ulikuwepo. Yule ofisa wa mkoloni alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kujisifu, kwamba alichukua chombo hicho cha maziwa kutoka mgongoni mwa ngamia, siku aliyowatoza watu wa Kulamawe faini ya mifugo. Na sauti ya nyanyako, Ayeeyo, uliyonirekodia, akieleza kiraka cha ngozi ambacho mamake, Faduma, alishonea mahali palipoungua, ilichezwa ukumbini mbele ya watu wote. Kiraka kikaonyeshwa kwenye picha, palepale aliposema. Diwani mmoja mzee alitoa miwani akaipangusa mara mbili.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa vya masharti. Mkuu wa stoo, mtu mpole asiye na maneno mengi, alileta ukurasa mzima. Msiishike kwa mikono mitupu. Msiifukize moshi. Msitie maziwa wala chakula. Ikae kwenye kioo, katika chumba cha joto maalumu. Naimo, damu ilinichemka. Nilisimama, mimi Gatwiri binti ya Kubai muuza miraa, nikawaambia kwamba kitu kinachorudishwa kwa masharti hakijarudishwa, na kwamba watu walioisuka ile dhiil hawahitaji kufundishwa na aliyeiiba namna ya kuishika. Nikasema ukurasa huo ufutwe wote. Nilimwuliza mkuu wa stoo kama ana sababu yoyote zaidi ya kuhifadhi. Akasema ni utaratibu wa kawaida. Ukafutwa wote.

Mwambie Ayeeyo Abiba. Nataka kujua alisema nini.

Wako,
Gatwiri

*

3 Machi 2025

Gatwiri binti wa miraa,

Habari ya baridi? Sisi tumefunga, mate yamekauka, na bado nimekaa nakuandikia wewe badala ya kulala kama watu wenye akili.

Nilimwambia Ayeeyo.  Alinitazama, akaomba maji ya kutawadha, akaswali rakaa ambazo hata sijui ni za nini. Halafu akauliza kama bado inanukia moshi. Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Nijibu basi, maana ameniuliza asubuhi na jioni tangu siku hiyo.

Habari ilienea hapa kabla sijafunga simu. Mjomba wangu, Abti Shuriye, amejifanya mwenyekiti wa kamati na ameanza kutembea na faili. Nilikuwa nafikiri kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Nairobi wanasema dhiil ni urithi wa nchi, kwa hivyo serikali ndiyo inayoipokea, na sisi tutaitwa kuiona. Kaunti wanasema utamaduni ni kazi ya kaunti. Na kuna mzee mmoja wa hapa sokoni aliyesema sisi Wasomali wa Isiolo tuliletwa na Mwingereza, tuna haki gani ya kudai? Nikamwambia baba yake Ayeeyo alipigana vita vya Kingi, akapewa medali na mahali pa kulisha, na ofisa wa Kingi huyohuyo akaja kumchukulia mkewe chombo cha maziwa kikiwa bado na maziwa ndani. Kama hiyo si haki ya kudai, basi haki haipo. 

Mwishowe wamekubaliana. Nairobi inapokea kwa karatasi, halafu inaikabidhi kwa familia, na itakaa kwenye kabati la kioo katika ofisi ya utamaduni ya kaunti. Ayeeyo aliposikia kioo aliuliza kama ni samaki.

Yale masharti uliyofuta, nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema, dhiil isiyofukizwa na isiyotiwa maziwa ni kapu. Umetutoa aibu, dada. Watu wale wanafikiri tutaila.

Naimo

*

20 Machi 2025

Naimo,

Mwambie Ayeeyo hapana, moshi umeisha. Leo tumeipakia, na niliinamisha pua mpaka ndani kwa ajili yake. Inanukia dawadawa, kama nguo zilizokaa sandukuni miaka. Stoo yote inanukia hivyo, hata sweta zangu.

Nilikuwepo wakati wa kufunga sanduku. Dhiil ililazwa kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake, kama mtoto. Kibali cha kuitoa nchini kimepatikana, maana kitu cha umri huo hakitoki huku bila kibali, na hati ya kuhamisha umiliki imetiwa sahihi na mkurugenzi. Ndege moja inabeba pia kile kigoda cha kulalia kichwa cha Waturkana, ekicholong, kilichoombwa na wazee wa Ngare Mara. Hicho kitangoja Nairobi mpaka sherehe yao ipangwe.

Unitumie picha ikiwa ndani ya kioo. Mkuu wa stoo ananiuliza kila siku kama imepata mahali pazuri. Nadhani ana huzuni ya kuiacha. Ni miaka mingi ameitunza.

Gatwiri

*

29 Aprili 2025

Gatwiri,

Imefika. Alhamdulillahi, imefika.

Ungekuwepo ungelia mpaka ulegee. Gari la kaunti lilitangulia, pikipiki zote za Bulla Pesa zikafuata, na Abdihakim, binamu yangu dereva wa lori, alipiga honi tangu barabara kuu mpaka akaambiwa anyamaze na polisi. Wanawake walitoka Kulamawe, wengine mpaka Sericho, safari ya siku nzima na vumbi lake. Borana walikuja, Waturkana walikuja, Wameru wenu walileta mahema na wakatulipisha nusu. Ofisa kutoka Nairobi alifungua sanduku akiwa amevaa glavu nyeupe. Watu walianza kuguna. Abti Shuriye akamwambia kwa upole kwamba hapa hatupokei mgeni kwa mikono iliyofunikwa. Yule ofisa akaona haya akazivua.

Ayeeyo aliishika. Alipitisha kidole kwenye kile kiraka, akaenda nacho pole pole kukizunguka, akasema jina la mamake. Basi. Hakuna hotuba iliyosikika baada ya hapo, ingawa gavana aliisoma yote.

Iko salama mahali pake, usiwe na wasiwasi. Picha nitakutumia, simu yangu ina kamera mbovu.

Ayeeyo amekuwa na tumbo la kuendesha siku hizi mbili tatu. Duka la dawa walisema ni amiba, wakampa vidonge. Mimi nasema ni furaha. Mtu wa umri wake akipata alichongoja maisha yote, mwili nao unachanganyikiwa. Anakupa salamu. Amesema ukija atakuchinjia.

Naimo

*

9 Mei 2025

Naimo,

Nimekupigia simu tangu asubuhi na haipatikani. Ya Abdihakim nayo hivyohivyo. Nimeacha ujumbe kila mahali. Naandika hapa kwa sababu najua barua zangu huwa unazifungua hata usipotaka kuzungumza na mtu.

Kwanza, mshukuru Mungu pamoja nami kwamba iko ndani ya kioo. Pili, mwambie mtu wa ofisi ya utamaduni asifungue lile kabati. Asiiguse hata kwa kupangusa vumbi.

Jana alikuja mtaalamu kutoka chuo kikuu na mashine ndogo ya mionzi ambayo ukiielekeza kwenye kitu inakusomea madini yaliyomo. Alikuwa anajaribu tu, anafundisha wanafunzi. Alichukua kikapu cha rafu ileile iliyokuwa na dhiil yenu. Mashine ilionyesha aseniki. Akafikiri imeharibika, akapima kikapu kingine. Aseniki tena, na zebaki juu yake. Akawaambia wanafunzi watoke nje. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi, Naimo. Nilikuwa nakunywa chai mle ndani.

Zamani, ili wadudu wasile vitu vya ngozi na nyuzi, makumbusho mengi yalikuwa yakivinyunyizia sumu. Ni aseniki ileile ya majosho ya mkoloni, ya kuogeshea ng'ombe kupe wasiwashike. Vitu vingine vilichovywa mzimamzima. Haionekani, na ikilowa inayeyuka ikatoka. Haiishi kwa sababu miaka imepita. Rafu ile yote ilifanyiwa hivyo.

 Nimekaa humu miaka minne na hakuna aliyeniambia. Lakini ikikaa kwenye kioo haimdhuru mtu. Nijibu neno moja tu kwamba umesoma.

Gatwiri

*

10 Mei 2025, hospitali ya kaunti, Isiolo

Gatwiri,

Haiko kwenye kioo. Haijawahi kuingia kwenye kioo hata siku moja.

Simu yangu iliishiwa chaji kwa sababu niko hospitali na Ayeeyo tangu Jumanne. Nimesoma barua yako hapa kwenye benchi na mama mmoja aliyekaa kando yangu ameniuliza nimefiwa na nani.

Nilikuficha. Siku ya sherehe Abti Shuriye aliomba ilale nyumbani usiku mmoja tu, kaunti wakakubali, na asubuhi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuichukua. Ayeeyo alikuwa ameikumbatia. Nilijua ukijua utakuwa taabani na wazungu wako, ndiyo maana sikutuma picha.

Alifanya vile mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Chombo kimetoka safari, kwa hivyo aliweka makaa na vijiti vya kufukizia ndani yake, akafunika, akafunua, akakiinamia kuangalia kama moshi umeshika vizuri. Macho yakamtoka machozi, na sisi tukapiga vigelegele. Halafu mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilitia maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa alfajiri Kulamawe. Unajua kazi yangu ya kuuza maziwa. Nanusa mtungi nakuambia ngamia alikula nini. Nilinusa yale maziwa na sikusikia chochote, Gatwiri. Moshi tu.

Amekunywa humo kila asubuhi. Kila asubuhi, na ikimnyima ladha anaifukiza tena.

Wamempima typhoid, wamempima amiba, wamempima kipindupindu. Anatapika na hana kitu cha kutapika. Viganja vinamuwaka. Niambie niwaambie nini hawa madaktari. Niambie sasa hivi.

Naimo

*

10 Mei 2025, saa moja baadaye

Naimo, msomee daktari maneno haya kama yalivyo:

Mgonjwa amemeza aseniki kutoka kwa chombo cha makumbusho na pia amevuta moshi wake, kwa siku zaidi ya kumi. Apimwe mkojo, si damu peke yake. Kuna dawa inayokamata sumu hiyo mwilini ikatoka nayo. Huenda iko Nairobi tu. Mtaalamu wa chuo yuko kando yangu na namba yake iko hapa chini. Daktari ampigie, atapokea saa yoyote.

Nani mwingine alikunywa? Nani alivuta moshi? Wote wapimwe.

Msiichome ile dhiil. Sumu itapanda na moshi. Msiizike, itaingia kwenye maji. Msiioshe. Mtu ajifunge mdomo na pua, avae glavu, aiweke ndani ya mifuko miwili ya plastiki, aifunge.

Nimemwendea mkuu wa stoo. Nilimkuta anakula mkate wake. Nikamwuliza alijua? Aliuweka mkate chini, akasema, "Sote tunajua mikusanyiko ya zamani ni michafu. Ndiyo maana tunavaa glavu." Nikamwuliza mbona hakusema pale barazani nilipomwuliza sababu. Akasema walidhani yale masharti yangetosha, hawakutaka kuwatia watu hofu na kuharibu siku. Haki nakwambia aliyasema hivyo, kwa upole uleule.

Na mimi ndiye niliyefuta masharti, Naimo. Msifukize, msitie maziwa. Ilikuwa imeandikwa. Nilisimama nikaifuta na watu wakanipigia makofi.

Gatwiri

*

27 Mei 2025

Gatwiri,

Ayeeyo Abiba alifariki tarehe kumi na tano, kabla ya adhuhuri. Tulimzika siku hiyohiyo. Dawa ilifika kutoka Nairobi na Abdihakim, aliyeendesha usiku kucha, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Majibu ya mkojo yalikuja baada ya mazishi. Ni aseniki. Daktari alinionyesha karatasi akaniuliza kama naelewa, nikasema ndiyo, kwa kuwa sasa naelewa kuliko nilivyotaka.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa nakutukana, nafuta, naanza tena. Hata simu zako nilikuwa naziangalia zikilia. Leo nimeona niandike tu.

Hakuna mwingine aliyekunywa. Kwenye dhiil ya mwanamke hanywi mtu mpaka mwenyewe ampe, na Ayeeyo hakuwa amempa mtu bado. Alisema kwanza ashibe yeye. Tulimcheka kwa uchoyo huo. Ndio uliotuokoa, na nikiufikiria natamani kupiga kichwa ukutani.

Jana nimepokea barua kutoka kwa mkurugenzi wenu. Ina pole nyingi. Halafu inasema makumbusho yako tayari kuichukua tena dhiil, kwa gharama yao, "kwa usalama wa jamii." Nimeisoma mara tatu. Walimchukulia Faduma, mamake Ayeeyo, chombo kikiwa na maziwa, wakakitia sumu, wakaturudishia, kimeua, na sasa wanatuhurumia wanataka kukichukua tena. Abti Shuriye aliposomewa alikaa chini, mtu ambaye hakai. Na kuna mtu redioni ameshasema hivi ndivyo inavyokuwa Waafrika wakipewa vitu ambavyo hawajui kuvitunza. Redio ya hapa hapa, Gatwiri, Mkenya mwenzetu.

Kabla hajapoteza fahamu nilimwambia ukweli. Abti hakutaka, alisema mwache afe na furaha yake. Mimi nikaona amefichwa vya kutosha. Nilimwambia walikuwa wameipaka sumu. Alifumba macho nikadhani amelala. Halafu akasema, "Na walikuwa wanaiangalia tu miaka yote hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Maskini." Sijui alimaanisha nani. Halafu akasema, "Isirudi huko." Hilo nililielewa.

Kwa hivyo haitarudi. Iko ndani ya mifuko miwili, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, katika lile kabati la kioo la kaunti. Nimekuwa mlinzi wa makumbusho. Mnaweza kucheka.

Kuhusu wewe. Watu wananiuliza kama nakulaumu. Nakulaumu. Nimejilaumu pia, na Abti, na yule ofisa aliyevua glavu kwa aibu. Lakini nikikaa vizuri naona kitu kimoja. Ile karatasi yenu ilisema msitie maziwa. Haikusema mtakufa. Wewe uliifuta kama matusi kwa sababu iliandikwa kama matusi, na mimi nilicheka kwa sababu hiyohiyo. Wangeandika neno moja la kweli, wewe usingelifuta na mimi nisingecheka.

Mzee Lochoro wa Ngare Mara alikuja kutupa pole. Alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa kimo kirefu, mkimya. Nilipomweleza alishika kidevu. Wakati wa kuondoka ndipo aliponiambia kigoda chao kinaletwa mwezi ujao, na wazee wamekubaliana yeye ndiye atakayekilalia wa kwanza, usiku wa kwanza, maana kilikuwa cha babu yake. Nilimwambia angoje kidogo. Akaniuliza, angoje nini?  Nipe jibu.

Naimo

*

30 Mei 2025

Naimo,

Sina maneno ya kuomba msamaha na sitayatafuta, maana yangekuwa ya kunifariji mimi. Nimeisoma barua yako nikiwa chooni ofisini, mlango nimefunga, na nimetoka nikiwa na macho ambayo kila mtu ameyaona na hakuna aliyeuliza.

Kigoda. Kiko Nairobi tangu Aprili na hakijapimwa. Nimeangalia kilikokaa. Ni stoo ileile, rafu ya chini, na mbao zake zilipakwa mafuta mara kwa mara. Mtaalamu anasema mbao iliyopakwa hivyo inaweza kushika sumu na kuitoa kwenye jasho la mtu. Hawezi kuapa bila kupima. Anasema yeye asingekilalia.

Niliandika rasimu ya barua kwa wazee wa Ngare Mara siku ileile uliyoniambia Ayeeyo yuko hospitali. Haijatoka. Iko kwa mawakili wa baraza. Wanaogopa kwamba kuwaonya watu wengine ni kukiri kosa, na kukiri kosa ni kesi. Leo wametangaza kusimamisha urudishaji wote "mpaka hali itakapoeleweka." Wale ambao hawakutaka kurudisha chochote tangu mwanzo wamefurahi, wanazunguka na nyuso za msiba. Wanasema si mliona? Mimi nimesimama kikaoni nikasema jambo la kufanya ni kupima kila kitu, kuwaambia wenyewe kwa lugha yao kilichopatikana, na kuwaachia waamue. Kwamba kuficha sumu na kukataa kurudisha ni tabia moja. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nimepewa onyo la maandishi. Nisiwasiliane na jamii yoyote kuhusu sumu mpaka mawakili waseme. Nikiandika kwa Mzee Lochoro nimefukuzwa kazi, na kibali changu cha kukaa huku kinakwenda nayo. Nitamwandikia nikipata neno lako, sijali. Lakini wakinifukuza leo, hakuna mtu wetu atakayebaki humu kusimamia upimaji wa vile vingine, na ni mamia, Naimo, vya Wameru, vya Wakamba, vya watu ambao hawajui hata kwamba viko huku.

Wewe hujakatazwa na mtu. Nimekuambatishia majibu yote ya mashine.

Gatwiri

*

1 Juni 2025

Kwa Mzee Lochoro, Ngare Mara

Mzee wangu, shikamoo.

Ni Naimo, muuza maziwa, mjukuu wa marehemu Abiba. Barua hii inaletwa kwa mkono na binamu yangu Abdihakim. Nimemwambia asiondoke mpaka uisome yote mbele yake. Uliniuliza ungoje nini. Nakujibu.

Kigoda cha babu yako kilikaa katika chumba kimoja na chombo kilichomuua nyanya yangu. Vitu vya chumba kile vilitiwa aseniki ili wadudu wasivile. Wewe unaijua. Ni ile dawa ya josho la zamani, ng'ombe akinywa maji yale haamki. Kigoda chenyewe hakijapimwa. Huenda ni safi, huenda si safi. Hakuna anayejua, na wanaopaswa kukuambia kwamba hawajui wameogopa kesi, kwa hivyo nakuambia mimi.

Nilifikiria kukushauri mkikatae. Sikushauri hivyo. Ni chenu, kimeibwa, kipokeeni. Imbeni, chinjeni, mkitazame mshibe. Lakini kabla ya siku hiyo, wewe na wazee semeni Nairobi kwamba hamtatia sahihi mpaka kipimwe mbele yenu kwa ile mashine ya mionzi, na majibu mpewe mkononi kwa Kiswahili na kwa Kiturkana. Wakisema mashine hakuna, iko. Namba ya mtu wake nimeandika nyuma ya karatasi hii. Wakisema mnadharau zawadi, waambieni si zawadi.

Mkikipata, kishikeni kwa glavu. Si matusi. Nilidhani ni matusi, na leo natamani mtu angenitukana. Kisipakwe mafuta. Kisioshwe. Watoto wasikichezee.

Najua ulivyokingoja. Najua umeshasafisha mahali pa kulala usiku ule, na kwamba wazee wenzako watakuwa wamekaa kando yako wakikuangalia ukilala kama babu yako alivyolala. Nyanya yangu naye alikuwa ameangaliwa hivyohivyo, na sisi tulikuwa tunapiga vigelegele.

Mzee, usikiwekee kichwa chako.

Mimi mtoto wako,
Naimo Awale
Bulla Pesa, Isiolo